Intaneti ya nyumbani ilikatika siku nyingi: maswali kuhusu kudai sehemu ya pesa zako bila kufunga akaunti

Majibu haya yanamhusu mteja wa intaneti ya faiba nyumbani nchini Kenya, yule anayelipia kifurushi cha siku 30 kabla ya kukitumia, kisha mtandao ukapotea siku kadhaa huku kifurushi kikiendelea kuhesabu. Wa Tanzania ana swali lake mwishoni.

Intaneti imepotea zaidi ya wiki. Kwa nini nisihamie kampuni nyingine tu?

Kuhama ni haki yako, ila dai kwanza, uhame baadaye ukitaka. Ukipiga simu ukiwa na hasira na kusema "fungeni akaunti yangu", kinachoandikwa kwenye rekodi ni kwamba mteja ameomba kusitisha huduma. Tiketi ya hitilafu, yaani ile rekodi yenye nambari inayofunguliwa unaporipoti tatizo, inafungwa siku hiyohiyo kwa sababu hakuna tena laini ya kutengeneza. Siku zilizobaki kwenye kifurushi zinapotea, maana masharti mengi ya malipo ya kabla husema anayejiondoa mwenyewe harudishiwi pesa za siku zilizobaki. Tena ikiwa uliwekewa laini bila malipo kwa ahadi ya kukaa mwaka mmoja, huenda ukadaiwa gharama ya kuwekewa laini au ya ruta. Ulikuwa unadai, sasa unadaiwa.

Jambo jingine ni la vitendo. Fidia nyingi hazitoki kama pesa taslimu. Hutoka kama siku za ziada au salio kwenye akaunti, na akaunti iliyofungwa haina pa kuwekewa siku.

Na kabla hujamwita fundi wa kampuni ya pili, toka nje uangalie nguzo. Katika mitaa mingi nyaya za kampuni tatu au nne zimening'inia nguzo moja au zimepita mtaro mmoja. Tingatinga la barabara likishakata, halichagui kampuni.

Nina haki gani hasa? Au naomba hisani?

Huombi hisani. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa anapoumia au kupata hasara kwa sababu ya kasoro katika huduma. Ibara hiyo inazihusu kampuni binafsi sawa na mashirika ya umma. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inayomtaka mtoa huduma atoe huduma ya kiwango kinachokubalika.

Hata hivyo sheria si mahali pa kuanzia mazungumzo na mhudumu wa simu. Kinachokusaidia zaidi ni kutenganisha vitu viwili ambavyo wateja wengi huvichanganya. Kimoja ni bei ya siku ulizolipia usipewe. Kingine ni hasara uliyopata kwa sababu hukuwa na mtandao: kazi iliyokupita, mtihani wa mtandaoni wa mtoto, bando za simu ulizonunua. Dai la kwanza ni hesabu ya darasa la nne, na mhudumu mwenye mamlaka ya kawaida anaweza kulipitisha. Dai la pili ni kesi. Ukiyatia yote mawili kwenye barua moja, dai lako dogo linabebwa na kubwa hadi kwa wanasheria, na huko linalala. Ukurasa huu unahusu dai la kwanza.

Masharti yao yanasema hawawajibiki kwa matukio yaliyo nje ya uwezo wao. Je, si mwisho wa habari?

Hapana, lakini soma kifungu chenyewe kwa makini. Mara nyingi kinasema kampuni haitawajibika kwa *hasara* itokanayo na hitilafu ambayo haikuisababisha. Wewe hudai hasara. Unadai bei ya kitu ambacho hakikufika. Mtu anaweza kusamehewa kwa kushindwa kuleta mzigo kwa sababu ya mafuriko, lakini hilo pekee halimpi ruhusa ya kubaki na nauli ya mzigo ambao haukusafiri. Liandike jibu hilo kwa upole, kwa sentensi moja, usilifanye mabishano.

Kuna matukio ambayo kweli yako nje ya uwezo wa kampuni ya mtaani kwako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na watumiaji wa Kenya, Tanzania na nchi jirani wakaona mtandao umekuwa mzito au umepotea. Hakuna fundi wa Nairobi ambaye angeweza kwenda kuunga waya ule. Lakini tofautisha na kebo iliyokatwa na wachimbaji mtaani kwenu. Hapo huenda kampuni haikuhusika na kukata, ila muda wa kuunga uko mikononi mwake. Kuunga faiba moja iliyokatika ni kazi ya saa chache fundi akiwa na mashine ya kuungia na mahali palipokatika pakijulikana. Wiki nzima haielezwi na tingatinga peke yake.

Soma pia kama masharti yametaja muda, kwa mfano kwamba fidia ya siku inatolewa kwa hitilafu iliyozidi saa fulani. Wateja wengi hawajui kampuni yao ina kifungu cha namna hiyo. Kikiwepo, kitaje kwa nambari yake, na barua yako itakuwa fupi mno.

Siku zinaanza kuhesabiwa lini?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwako wewe hitilafu imeanza mtandao ulipozima. Kwa kampuni imeanza ulipotoa taarifa. Hata kama mtaa mzima umezimika na wao wanajua, akaunti yako isipokuwa na tiketi, kwenye mfumo wao unaonekana mteja asiye na tatizo. Kwa hiyo ripoti siku ya kwanza, na usikate simu bila nambari ya tiketi. Ikiwa wameitoa kwa mdomo tu, tuma barua pepe au ujumbe hapohapo: "Nimepewa tiketi nambari fulani leo saa mbili asubuhi kuhusu akaunti yangu fulani."

Kisha piga picha kile kisanduku kinachopokea waya wa faiba. Taa zake ni shahidi mzuri. Ile yenye maandishi `LOS` ikiwaka nyekundu, hasa ikiwa inapepesa, maana yake mwanga hauingii kutoka kwenye waya. Ikiwa `LOS` imezima na `PON` inawaka kijani bila kupepesa ilhali huna mtandao, waya ni mzima na tatizo liko mbele zaidi, kwenye mitambo yao au kwenye akaunti. Taa zote zikiwa zimezima, angalia umeme wako kwanza.

Tahadhari moja: `LOS` nyekundu inaweza pia kutokana na ule waya mwembamba ndani ya nyumba kukunjwa na kochi au kutafunwa na panya. Hakikisha haujajipinda kwa kona kali kabla hujapiga kelele. Fundi akikuta kosa liko sebuleni kwako, siku zile hazitahesabiwa kuwa za kwao, na huenda ukalipia ziara.

Nipigieni hesabu kwa mfano kamili.

Tuchukue mteja wa Bamburi, Mombasa, mwenye kifurushi cha shilingi 3,600 kwa siku 30. Gawanya 3,600 kwa 30, unapata shilingi 120 kwa siku. Tumia bei uliyolipa wewe, kodi ikiwa ndani, na usichukue bei ya matangazo.

Alilipa tarehe 3 Juni. Jioni ya tarehe 9 mtandao ukazima baada ya wachimbaji wa mtaro kupita. Aliripoti tarehe 10 saa mbili asubuhi, akapewa tiketi. Mtandao ukarudi tarehe 21 saa tisa alasiri. Kuanzia taarifa hadi kurudi ni siku 11 na saa saba. Zile saa saba, pamoja na usiku wa tarehe 9, aziache. Anadai siku 11 kamili, yaani 11 × 120, shilingi 1,320.

Kampuni ilijibu kwamba rekodi inaonyesha siku nne, kutoka tarehe 10 hadi 14, maana tarehe 14 tiketi ilifungwa na alama ya "imetatuliwa". Lilikuwa jibu la uaminifu kwa upande wa mhudumu, kwa sababu skrini yake ilisema hivyo. Mteja alikuwa na picha ya taa nyekundu ya tarehe 16, na tiketi ya pili aliyofungua tarehe 15 baada ya kugundua ile ya kwanza imefungwa. Alizituma zote mbili kwa ujumbe mmoja, akaandika kwamba ni hitilafu ileile haijawahi kutengenezwa, na kwamba anaomba tiketi mbili zihesabiwe kuwa moja. Msimamizi wa zamu akakubali siku 11.

Bila tiketi ya pili angepata shilingi 480. Tofauti ya shilingi 840 ilitokana na simu moja ya tarehe 15.

Kwa nini tiketi hufungwa kabla ya kazi kwisha?

Mafundi wengi ni wa makandarasi, na kazi zao hupimwa kwa tiketi zilizofungwa. Fundi akifika akakuta nguzo haina waya, anairudisha kazi kwa timu nyingine, na katika kurudisha huko tiketi yako hufungwa. Au alipiga simu mara moja, hukushika, akaandika "mteja hapatikani". Ukipokea ujumbe kwamba tatizo limetatuliwa na taa bado ni nyekundu, jibu siku hiyohiyo, na udai tiketi ifunguliwe tena au upewe mpya inayotaja ya zamani.

Niombe pesa taslimu, siku za ziada au salio?

Kama unakusudia kubaki, omba siku. Ndizo nyepesi kupata kwa sababu mhudumu au msimamizi wake huweza kuziongeza bila kuihusisha idara ya fedha. Lakini uliza swali hili kabla hujakubali: zinaongezwa kuanzia lini? Katika mfano wetu kifurushi kilikuwa kiishe tarehe 3 Julai. Siku 11 zikiongezwa kuanzia hapo, kinaisha tarehe 14 Julai, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mhudumu akiweka "siku 11 kuanzia leo" mnamo tarehe 23 Juni, kinaisha tarehe 4 Julai, na umeambulia siku moja. Kosa hili ni la kawaida na mara nyingi halina hila yoyote. Fungua akaunti yako uone tarehe mpya ya mwisho wakati mhudumu bado yuko kwenye laini.

Salio lina mtego wake. Shilingi 1,320 zikiwekwa kwenye akaunti hazitoshi kununua kifurushi cha 3,600, kwa hiyo zinakaa. Siku ya kulipia unatakiwa kuongeza 2,280 tu. Aliyezoea kutuma 3,600 kila mwezi kwa M-Pesa huendelea kutuma kiasi kilekile, na lile salio halimpunguzii chochote hadi akumbuke.

Pesa taslimu idai ikiwa unahama, au ikiwa hitilafu ilimeza karibu kifurushi chote. Itachukua muda zaidi, na itahitaji ujumbe wa M-Pesa wa malipo yale kama ushahidi. Mfuatano wake ni huu: dai limekubaliwa kwa maandishi, pesa imeingia, ndipo unapoomba kufunga akaunti.

Kifurushi kimeisha na mtandao bado haujarudi. Nilipe?

Usilipe mpaka taa ya `PON` iwe kijani. Kifurushi kipya kikianza kuhesabu kwenye laini iliyokufa, unaongeza dai jingine la kufuatilia. Ikiwa umeweka malipo ya kujirudia yenyewe, yasimamishe. Ila waandikie kwamba hulipi kwa sababu ya tiketi fulani na kwamba hujaondoka, maana akaunti isiyolipiwa kwa muda inaweza kusitishwa na tiketi yake ikaondolewa kwenye foleni. Mhudumu akikwambia fundi hawezi kutumwa hadi ulipie, omba msimamizi: hitilafu iliripotiwa ukiwa umelipa.

Niandike nini?

Andika fupi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya, kwa hiyo hakuna ubaya kukitumia. Mfano:

> Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
>
> Akaunti nambari ____. Nililipia kifurushi cha siku 30 kwa shilingi 3,600 tarehe 3 Juni (ujumbe wa M-Pesa umeambatishwa). Sikuwa na mtandao kuanzia tarehe 10 Juni, nilipofungua tiketi ____, hadi tarehe 21 Juni. Tiketi hiyo ilifungwa tarehe 14 kabla hitilafu haijatengenezwa. Nilifungua nyingine, ____, tarehe 15. Picha za taa ya LOS zimeambatishwa.
>
> Naomba siku 11 ziongezwe kuanzia tarehe kifurushi kinapoisha, au nirudishiwe shilingi 1,320. Sidai fidia ya hasara nyingine katika barua hii. Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 14.
>
> Wenu, ____

Ile sentensi ya "sidai fidia ya hasara nyingine katika barua hii" ina kazi mbili. Inamtuliza anayesoma, na maneno "katika barua hii" yanakuachia mlango wazi. Muda wa siku 14 ni wako kuuweka. Hautoki kwenye sheria, usiuite wa kisheria.

Barua pepe ni bora kuliko simu. Mtandao wa kijamii huharakisha majibu, lakini usiweke nambari ya akaunti wala ya simu hadharani: matapeli huvizia malalamiko hayo na kukupigia wakijifanya wahudumu wanaotaka "kukurudishia" pesa. Hakuna rejesho linalohitaji nambari yako ya siri ya M-Pesa.

Mtandao haukukatika kabisa, ulikuwa ukienda na kurudi. Naweza kudai?

Unaweza, ila utafanya kazi zaidi. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, ili usiambiwe shida ni Wai-Fai yako, kisha andika amri hizi mbili mtandao unapopotea:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Ya kwanza inauliza ruta yako (nambari yake imeandikwa chini ya kisanduku, huenda ikawa tofauti na hii). Ya pili inauliza kitu kilicho nje. Ruta ikijibu na ya nje isijibu, tatizo limevuka ukuta wa nyumba yako. Hifadhi picha ya skrini ikionyesha saa. Picha za siku tano au sita za namna hiyo zina uzito kuliko kusema "mtandao wenu ni mbovu tangu mwezi uanze".

Kuhusu kasi ndogo, ukweli ni kwamba vifurushi vingi vya nyumbani huuzwa kwa maneno "hadi" kasi fulani, na kupata rejesho kwa sababu ya kasi pekee ni vigumu. Omba punguzo la mwezi, usiombe hesabu ya siku.

Si nirudishe malipo mwenyewe kwa kutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456?

Hapana. Njia hiyo ni ya pesa zilizotumwa kimakosa. Wewe hukukosea nambari, na sehemu ya kifurushi umeitumia.

Ninaishi kwenye ploti, intaneti imelipiwa na mwenye nyumba.

Anayedai ni mwenye jina kwenye akaunti. Mpe picha na tarehe, umwombe adai yeye, kisha mkubaliane atakavyokupunguzia. Jengo likiwa na wateja kumi wenye akaunti zao, kila mmoja adai kivyake lakini atumie tarehe zilezile za kukatika na kurudi. Barua kumi zinazokubaliana ni vigumu kuziita kosa la waya wa sebuleni.

Wamekataa, au wamenyamaza. Nifanye nini?

Nenda Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Wao hutaka kuona kwamba umeanza na kampuni yenyewe, na ndiyo sababu barua yako na nambari za tiketi ni muhimu kuliko ukali wa maneno. Tuma kwa `chukuahatua@ca.go.ke`, uambatishe barua ya awali, jibu lao kama lipo, na ukurasa mmoja wenye tarehe. Usiandike upya hadithi yote. Mara nyingi dai la shilingi elfu moja na kitu humalizika pale kampuni inapoombwa maelezo, kwa sababu kujieleza kunaigharimu zaidi ya kukulipa.

Baada ya hapo ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Kwa shilingi 1,320 pekee, kwa maoni yangu, nauli na asubuhi utakazopoteza hazilipi. Mambo hubadilika kama hitilafu zimejirudia kwa miezi, au unadai pia gharama ya kuwekewa laini. Hapo ndipo lile dai la hasara linapoweza kuingia, ukiwa na risiti za bando ulizonunua katika siku zilezile na si makisio ya kazi ambazo huenda ungezipata.

Niko Tanzania. Utaratibu ni tofauti?

Hesabu ni ileile, na mlango wa kwanza ni uleule: mtoa huduma wako, kwa maandishi, na nambari ya malalamiko. Usiporidhika unakwenda TCRA. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mtumiaji, na linaweza kukuelekeza namna ya kuliandika lalamiko kabla hujalipeleka.